Mwajiri amenyamaza wiki sita: ujumbe wa mwisho uandikwe vipi?

*"Nilifanya mahojiano mara mbili ya nafasi ya msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, kupitia ofisi ya uajiri iliyoko Mombasa. Mahojiano ya pili yalikuwa tarehe 12 Machi, nikaambiwa jibu litatoka ndani ya wiki moja. Leo ni tarehe 23 Aprili. Nimeandika barua pepe mbili za kukumbusha, na ujumbe mmoja wa WhatsApp umesomwa bila kujibiwa. Kaka yangu anataka nikamsaidie kuendesha nyumba yake ya wageni Shela, kisiwani Lamu, lakini naogopa kumkubalia kisha hoteli iniite. Je, niandike tena? Na niandike nini nisionekane naomba-omba wala nimekasirika?"*

Ndugu yangu, andika, lakini andika mara moja tu, na usiandike ukumbusho wa tatu. Ukumbusho unauliza, na maswali yako mawili ya kwanza yamekwisha kuonyesha kwamba mtu huyu hana jibu la kukupa au hataki kulitoa. Kilichobaki ni ujumbe wa aina nyingine, ambao hauulizi bali unaarifu. Kazi yake si kumlazimisha afisa wa uajiri ajibu. Kazi yake ni kuweka tarehe ambayo, ikishapita, kimya chake utakihesabu kuwa ni hapana, na kumjulisha tarehe hiyo mapema ili asije akasema hakujua. Ukishauelewa ujumbe kwa namna hiyo, mengi ya kuomba-omba na ya hasira yatajiondoa yenyewe, kwa sababu yote mawili hutokana na kumtaka mtu atende jambo ambalo huna uwezo wa kumtendesha.

Kabla ya maneno yenyewe, nirekebishe dhana moja ambayo naiona kati ya mistari ya swali lako. Unadhani kimya cha wiki sita ni hukumu: ama umekataliwa, ama umedharauliwa. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka kadhaa, nikiajiri watu wa mapokezi, wa jikoni na wa usafi wa vyumba kwa hoteli za pwani, na nakiri kwamba nami nimewanyamazia watu wazima wenye familia zao. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo kila nafasi ilipewa ukurasa wake: jina, simu, tarehe ya mahojiano, na safu ya mwisho kwa neno moja la uamuzi. Waliokataliwa waziwazi niliwaandikia siku ileile, kwa sababu barua ya kukataa huandikwa kwa dakika tano. Walionyamaziwa ni wale ambao safu yao ya mwisho ilikuwa imeandikwa "subiri". Sikuwa na ndiyo ya kuwapa, wala sikuwa na ruhusa ya kuwapa hapana, na kila walipouliza kama kuna habari, jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna. Jibu la namna hiyo mtu huliona aibu kuliandika, akaliweka kando hadi kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Mara nyingi anayewekwa katika "subiri" ni yule aliyeshika nafasi ya pili. Hoteli imempenda mtu mmoja zaidi yako, lakini haitaki kukuachia mpaka huyo wa kwanza aripoti kazini, kwa sababu wanaoahidiwa kazi hubadili nia, na waajiri wao wa zamani huwaongeza mshahara wasiondoke. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo itatufaa baadaye. Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi huondoka kwa ilani ya maandishi ya siku 28, ikiwa mkataba wake haukuweka muda mrefu zaidi. Chukua kwamba hoteli ilifanya uamuzi tarehe 19 Machi, yaani wiki moja baada ya mahojiano yako kama ulivyoambiwa. Mgombea wa kwanza akavutana nao kuhusu mshahara kwa siku kadhaa, akapokea barua ya kazi mwisho wa mwezi, akatoa ilani kwa mwajiri wake tarehe 1 Aprili. Siku 28 zake zitaisha tarehe 29 Aprili. Kwa hiyo kimya ambacho wewe unakiona kirefu mno kinaweza kuwa na urefu sawasawa na ilani ya mtu mwingine, na hatima yake haijajulikana hata kwa hoteli yenyewe.

Sababu ya pili ni ya mahali petu. Mahojiano yako yalifanyika Machi, msimu ukiwa unaelekea ukingoni, na sasa mvua za masika zimeingia. Wewe ni mtu wa hoteli, hivyo sina haja ya kukueleza kwamba kutoka Malindi na Watamu hadi Lamu ziko hoteli zinazofunga milango Mei na Juni au kubakiza watu wachache, kisha zikaamka Julai. Lililo muhimu kwako ni jinsi jambo hilo linavyoonekana ndani ya ofisi. Mwezi wa Machi meneja mkuu anaomba msimamizi wa mapokezi, na ombi linakubaliwa. Katikati ya Aprili mwenye hoteli anatazama vyumba vilivyokwisha kuwekwa kwa Mei, anaviona vichache, anasema ajira zote zisubiri. Nafasi haijafutwa wala haijajazwa. Afisa wa uajiri aliyeko Mombasa huenda hajaambiwa hata hilo, kwa sababu meneja naye ana aibu ya kumwambia kwamba alimtuma kutafuta mtu ambaye sasa hana pesa ya kumlipa.

Kuna pia jambo la wakala mwenyewe. Kwa kawaida ofisi ya namna hii hulipwa na mwajiri pale mtu anapoajiriwa, si kabla. Nafasi iliyokwama haimwingizii afisa chochote, huku mezani pake kuna nyingine zinazotembea, na muda wake unafuata zile. Hilo halimpi udhuru wa kutojibu barua mbili. Hata hivyo linaeleza kwa nini alama mbili za buluu kwenye WhatsApp zinathibitisha tu kwamba ujumbe ulifunguliwa, pengine akiwa ndani ya matatu, na hazisemi lolote kuhusu uamuzi wa hoteli.

Sasa tuje kwenye maneno. Barua ya watu walio katika hali yako huwa inafanana na hii:

*"Habari za asubuhi, natumaini hujambo na kazi zinaendelea vyema. Samahani sana kwa kukusumbua tena, najua una shughuli nyingi. Nilikuwa nauliza tu kama kuna habari yoyote kuhusu ile nafasi, maana nimesubiri muda mrefu na nina nafasi nyingine mkononi. Tafadhali nijibu hata kama ni hapana, kwa kuwa nina majukumu ya familia. Nasubiri jibu lako kwa hamu."*

Kila sentensi hapo ni ya adabu, na ukizisikia kinywani mwa mtu hutaona kosa. Adabu ya Kiswahili ina kawaida ya kuomba radhi kabla ya kuomba chochote, na ana kwa ana huo ni uungwana. Katika barua ya mwisho kwa mtu aliyekunyamazia, radhi hiyo inageuza mambo: wewe uliyeahidiwa jibu la wiki moja ndiye unayejikiri msumbufu, na yeye anapewa udhuru wa kazi nyingi kabla hajauomba. "Habari yoyote" ni swali lililo wazi mno, na mtu mwenye "subiri" kwenye daftari lake hana la kulijibu. "Nafasi nyingine mkononi" bila tarehe husikika kama tishio la mtu asiye na kitu, na maafisa wa uajiri wamelisikia mara nyingi mno. Majukumu ya familia ni ya kweli, lakini hayamsaidii afisa kuamua, na yanakuweka katika nafasi ya kuhurumiwa. Mwisho "nasubiri kwa hamu" linabatilisha kila kitu, kwa sababu linamwambia kwamba utaendelea kusubiri, na kama utaendelea kusubiri, yeye hana haraka.

Mimi ningeandika hivi:

*"Bi. (jina), salamu. Ninaandika kuhusu nafasi ya msimamizi wa mapokezi, ambayo mahojiano yake ya pili yalifanyika tarehe 12 Machi. Kwa kuwa sijapata taarifa tangu wakati huo, ninachukulia kwamba hoteli imeamua vinginevyo au imesimamisha ajira hii. Tarehe 4 Mei nitaanza kazi nyingine.*

*Ikiwa bado ninafikiriwa, tafadhali nijulishe kabla ya tarehe hiyo. Ikiwa sivyo, si lazima ujibu.*

*Nakushukuru kwa kunieleza wazi mpangilio wa zamu za usiku. Maelezo hayo yalinisaidia. Nafasi ya aina hii ikijitokeza baadaye, Malindi au Watamu, ningependa kusikia kutoka kwako."*

Kisha jina lako kamili na nambari ya simu. Ni maneno yasiyozidi 85, na yanasomeka kwenye kioo cha simu bila kupandisha wala kushusha sana. Niruhusu nikueleze kwa nini kila sehemu iko hapo, ili ukibadilisha neno ujue unachokiondoa.

Jina la nafasi na tarehe ya mahojiano viko mwanzoni kwa sababu afisa huyu huenda anashughulikia nafasi kumi na zaidi kwa wakati mmoja, na "ile nafasi" inamlazimu arudi nyuma kutafuta. "Ninachukulia kwamba" ndiyo roho ya ujumbe. Maneno hayo hayamlaumu wala hayamhoji; yanasema wewe umefika wapi katika kufikiri kwako, na kama umekosea, ni rahisi kwake kukurekebisha. Watu wengi ambao wasingejibu swali hujibu dhana isiyo sahihi, kwa kuwa kusahihisha ni kazi ndogo kuliko kueleza. Nimetaja pia uwezekano wa ajira kusimamishwa kwa makusudi, kwa sababu hilo linampa afisa njia ya kusema ukweli bila kumwaibisha mteja wake. Anaweza kujibu kwa mstari mmoja: "Ni kweli, hoteli imesimamisha hadi Julai."

Tarehe ya 4 Mei sikuiokota hewani. Rudi kwenye hesabu ya siku 28. Ikiwa uko nyuma ya mgombea wa kwanza, ilani yake inaisha tarehe 29 Aprili, kisha inafuata sikukuu ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei. Kufikia tarehe 4 hoteli itakuwa imemwona amefika au hakufika. Uamuzi wa kufunga au kutofunga kwa masika nao utakuwa umefanyika. Ukiweka tarehe ya wiki hii, utakuwa umewataka waamue kabla ya kupata taarifa wanayoingojea. Ukiweka mwisho wa Mei, utakuwa umewaongezea kusubiri kusikokufaa. Siku kumi na moja kutoka leo zinatosha kwa mtu anayetaka kujibu, na asiyetaka hatasaidiwa na siku thelathini. Mtu mwingine mwenye tarehe zake afanye hesabu yake, asinakili yangu.

Kuna wenzangu katika kazi hii ambao hawakubaliani nami kuhusu "si lazima ujibu". Wao husema unamwachilia afisa kwa urahisi mno, na kwamba amekukosea, basi angalau alipe deni la jibu. Naelewa uchungu huo. Lakini bila maneno hayo, kimya chake baada ya tarehe 4 Mei kinabaki kuwa kitendawili kama kilivyo leo, nawe utakuwa unafungua barua pepe kila asubuhi. Ukiyaandika, kimya kinakuwa jibu mlilokubaliana. Nami niseme nilichokiona upande wangu: mwombaji mmoja wa jikoni aliniandikia mistari minne ya namna hii baada ya wiki tano za kimya changu, na nilimjibu kabla chai yangu haijapoa. Nilikuwa na wengine watatu katika "subiri" hiyohiyo, waliouliza kwa urefu na kwa upole, ambao sikuwajibu mpaka nafasi ilipofutwa. Yeye hakuwa bora kuliko wao. Alikuwa ameniondolea tu uzito wa kueleza.

Shukrani imefungwa kwenye jambo moja mahususi, mpangilio wa zamu za usiku, nami nimelibuni kwa ajili ya mfano. Weka jambo ulilosikia kweli katika mahojiano yako, na kama hakuna, shukuru kwa muda tu na usonge mbele. Shukrani ya jumla yenye maneno makubwa, baada ya wiki sita za kupuuzwa, husomeka kama kejeli hata pale mwandishi hakukusudia.

Na kuhusu "nitaanza kazi nyingine": kwako wewe ni kweli, kwa kuwa kaka yako anakungoja. Usitaje ni kwa kaka yako, usitaje Shela, wala mshahara. Mtu ambaye hana kazi nyingine asijitungie, kwa sababu afisa mwerevu atauliza ni wapi, na jumuiya ya hoteli kutoka Kilifi hadi Lamu ni ndogo kiasi kwamba meneja wa mapokezi wa huku humjua mwenzake wa kule kwa jina. Aseme tu kwamba kuanzia tarehe fulani hataihesabu tena nafasi hii katika mipango yake. Inatosha, na ni kweli.

Itume kwa njia ya "jibu" ndani ya mfululizo uleule wa barua pepe, bila kubadilisha kichwa cha barua, ili wito wa mahojiano na tarehe zake zionekane hapo chini. Usiambatishe tena wasifu wako wa kazi, kwa kuwa kuambatisha ni kuomba upya. Kama mliandikiana kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza, ukihifadhi urefu na mpangilio. Kuhama lugha katikati ya safari kunamfanya msomaji ajiulize kuna nini. Jumanne au Jumatano, saa tatu hivi asubuhi, ni wakati mzuri. Ijumaa mchana ofisi nyingi za pwani zimetawanyika, na barua ya wakati huo hulala chini ya zile za Jumatatu. WhatsApp usiitumie tena kwa jambo hili: ujumbe mmoja, njia moja. Ukituma kote kuwili, unaonekana unamfuata.

Kama barua itarudi ikisema anwani haipo, au utapata jibu la kujiendesha kwamba afisa huyo ameondoka, basi umegundua sababu ya kimya chote, na hapo unaruhusiwa kuituma mara ya pili kwa anwani ya jumla ya ofisi hiyo, ukiongeza sentensi moja ya kusema ni nani aliyekuwa akikuhudumia. Hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, na ndiyo maana husema usimchukie mtu kabla hujajua kama bado yupo kazini.

Njia nyingine zipo, na ni haki yako kuzipima. Unaweza kupiga simu. Simu ina nguvu wakati mchakato uko hai na una swali dogo lenye jibu, kwa mfano saa ya mahojiano. Baada ya wiki sita humkuta afisa hajajiandaa, anakuambia "bado tunalifuatilia", nawe unarudi pale ulipokuwa bila maandishi yoyote. Unaweza pia kwenda hotelini moja kwa moja na kumwona meneja, kwa kuwa uko Malindi na ni mwendo wa tuktuk. Hapa natahadharisha. Ofisi ya uajiri na hoteli wana makubaliano kuhusu nani anawasiliana na wagombea, na ukiipita ofisi unaweza kuzua mzozo wa malipo kati yao ambao jina lako litabebeshwa. Ukikutana na meneja msikitini, kanisani au sokoni, msalimie kwa adabu, na nafasi usiitaje mpaka aitaje yeye. Njia ya tatu ni kwenda zako Shela bila kuandika chochote. Sio kosa, na wala huna deni kwao. Hasara yake ni kwamba wakikupigia simu tarehe 10 Mei utakuwa huna msimamo ulioutangaza, na utaanza kufikiri upya ukiwa umesimama kwenye gati.

Nisikufiche gharama ya ujumbe huu. Ikiwa ulikuwa wa pili kwenye orodha na hoteli inayumba, tangazo lako la kuanza kazi kwingine linaweza kumfanya afisa avute mstari juu ya jina lako na kumpandisha wa tatu. Ndiyo maana nimeiweka sentensi ya "ikiwa bado ninafikiriwa" kabla ya ile ya "si lazima ujibu", na si baada yake. Lakini usitarajie kwamba barua itaifufua nafasi iliyokufa. Kwa nilivyoona, mara nyingi hakuna jibu, au jibu ni hapana fupi yenye shukrani. Mara chache sana linakuwa simu ya haraka. Ukiiandika kwa matumaini ya simu, utairudia wiki ijayo, na ya pili itakuwa imevunja neno la ya kwanza.

Jibu likija na ni hapana, mjibu kwa sentensi moja ya shukrani, basi. Likija la "tafadhali endelea kusubiri" bila tarehe, andika: "Asante kwa taarifa. Tarehe yangu ya 4 Mei inabaki vilevile. Hali ikibadilika baada ya hapo, tutazungumza kulingana na nitakapokuwa." Wakikuita kabla ya tarehe, omba barua ya kazi yenye mshahara na siku ya kuanza ndipo umwambie kaka yako neno la kubadilisha mpango. Nafasi ya maneno ya simu peke yake isikutoe popote.

Yapo mambo ambayo ujumbe wa aina hii haufai, na badala yake unahitaji kumwona mtu uso kwa uso. Mwajiri wa kibinafsi halazimishwi na Sheria ya Ajira kumjibu mwombaji ambaye hakumwajiri, kwa hiyo kwa kimya pekee huna kesi. Hali inabadilika kama ulikwisha kutia saini barua ya kazi ndipo wakanyamaza, kama uliacha kazi kwa sababu ya ahadi yao ya maandishi, au kama ofisi imeshikilia vyeti vyako halisi. Hapo usiandike "si lazima ujibu". Chukua barua zote, uzichapishe, uende kwa afisa wa kazi wa serikali au kwa wakili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi hapahapa Malindi, hivyo huna haja ya kusafiri hadi Mombasa kupata ushauri wa mtu anayeijua. Na kama ofisi hiyo iliwahi kukutoza ada ya kufungua faili au ya kukuhakikishia nafasi, acha habari ya ujumbe wa kufunga kabisa na uulize kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama ofisi hiyo imesajiliwa. Kimya baada ya kulipa pesa ni jambo la aina nyingine.

Limebaki la kaka yako, ambalo nadhani ndilo limekukalia moyoni kuliko hoteli. Usimwambie "ngoja nione", kwa kuwa utakuwa unamtendea vilevile unavyotendewa. Mpe tarehe ileile ya 4 Mei, na umweleze kwamba kuna uwezekano mdogo wa hoteli kuita kabla yake. Kubalianeni pia kuhusu Julai: kama nafasi iliyosimamishwa itafunguliwa msimu ukirudi, utampa ilani ya siku ngapi ili apate mtu wa kushika funguo? Yeye ni ndugu, lakini nyumba ya wageni ni biashara, na Mei huko Shela ni mwezi wa kupaka chokaa na kukarabati makuti kuliko kupokea wageni, kwa hiyo ana nafasi ya kukusikiliza sasa ambayo hatakuwa nayo Agosti. Tuma barua Jumanne. Baada ya hapo utakuwa na muda wa kutosha kukata tiketi ya basi la Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu.